Protini za mitokondria: kwa nini hutengenezwa nje, na huingiaje ndani

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili, sayansi ya maabara. Tumefundishwa kwamba mitokondria ina DNA yake na ribosomu zake yenyewe, halafu ukurasa unaofuata tunaambiwa protini zake karibu zote hutengenezwa nje, kwenye saitosoli. Mbona inajisumbua hivyo? Na protini ikishatengenezwa huko nje, inajuaje pa kwenda, na inapenyaje tando mbili bila kuzitoboa?"*

Marahaba. Nitaanza na mambo ya kupenya tando, ingawa umeyauliza mwisho. Ukishaona protini inavyopita utatambua zipi zinapita kwa taabu, na hizo ndizo zitakazotueleza kwa nini mambo yamegawanyika hivi.

Kwanza hesabu kidogo. DNA ya mitokondria ya binadamu ni duara lenye jozi za besi 16,569 na jeni 37. Kati ya hizo, 22 ni za tRNA na 2 ni za rRNA, kwa hiyo zinazobaki kwa ajili ya protini ni 13 tu. Lakini protini zinazofanya kazi ndani ya mitokondria zetu ni zaidi ya 1,100. Zote hizo nyingine jeni zake ziko kwenye kiini cha seli, mRNA zake hutoka kiinini na kusomwa na ribosomu za saitosoli, na ndiyo maana zinazaliwa nje. Hata ribosomu za mitokondria ulizozitaja zimejengwa kwa protini zipatazo 80, na hakuna hata moja katika hizo iliyotengenezwa ndani. Yaani seli inaingiza protini 80 kutoka nje ili iweze kutengeneza 13 ndani. Mtu angekaa chini kubuni kitu asingekibuni hivyo.

Sasa tuchukue protini moja tuifuate. Ninayoipenda kufundishia ni Cox4 ya hamira, moja ya sehemu za kimeng'enya cha mwisho cha mnyororo wa upumuaji. Inapotoka kwenye ribosomu huwa na asidi amino 25 za mwanzo ambazo hutazikuta kwenye Cox4 iliyokomaa. Hizi hapa, kwa herufi za kawaida za asidi amino:

```
MLSLRQSIRFFKPATRTLCSSRYLL
```

Kipande cha namna hii nitakiita kitangulizi. Kitazame kwa makini kabla hujaendelea. Tafuta D na E, ambazo ni asidi amino zenye chaji hasi: hakuna hata moja. Halafu tafuta R na K, zenye chaji chanya: ziko tano, nafasi ya 5, 9, 12, 16 na 22. Kumbuka sasa kwamba protini ikijisokota kuwa msokoto wa alfa, kila mzunguko mmoja hutumia asidi amino 3.6. Nafasi ya 5, 9, 12 na 16 zimeachana kwa nne, tatu, nne. Maana yake ni kwamba msokoto ukijikunja, chaji hizo nne zote hujipanga upande mmoja. Upande mwingine unakuta L ya nafasi ya 4, I ya 8 na F ya 11, ambazo zote hukwepa maji. Basi kitangulizi ni msokoto wenye nyuso mbili, mmoja wa chaji chanya na mwingine wa mafuta, na hiyo ndiyo anwani yote. Hakuna mfuatano maalumu wa herufi unaotakiwa. Ukilinganisha vitangulizi vya protini 100 hutaona neno moja linalojirudia, utaona tabia hiyohiyo ikijirudia kwa maneno tofauti.

Kwamba kweli hiyo ni anwani, na si pambo, kulionyeshwa mwaka 1984 katika maabara ya Gottfried Schatz kule Basel, Uswisi. Ed Hurt na wenzake walichukua kitangulizi cha Cox4 wakakiunganisha mbele ya DHFR ya panya, kimeng'enya kinachoishi kwenye saitosoli na kisichohusiana kabisa na mitokondria. Kikaingia ndani ya mitokondria ya hamira bila shida. Baadaye wakapunguza kitangulizi na kuona kwamba hata asidi amino 12 za mwanzo zinatosha kukiongoza. Rudi kwenye mfuatano ule uhesabu: 12 za mwanzo zinaishia kwenye K, kwa hiyo zina chaji tatu kati ya zile nne za upande mmoja.

Haya, kitangulizi kimefika kwenye utando wa nje. Pale kuna kundi la protini liitwalo TOM, nalo ni mojawapo ya vile vifaa vya kupitishia protini ambavyo wataalamu huviita translokesi. Tom20 hushika ule uso wa mafuta wa msokoto, Tom22 hushughulika na uso wa chaji, halafu protini inakabidhiwa Tom40, ambayo ni pipa lenye tundu katikati linalokatiza utando. Hapa ndipo lilipo jibu la wasiwasi wako wa kutoboa: tundu tayari lipo, na upana wake ni nanomita 2 hivi. Hapatobolewi kitu.

Utando wa ndani una masharti makali zaidi, na ni lazima uwe nayo. Mnyororo wa upumuaji husukuma protoni nje, na kwa hiyo upande wa ndani, yaani matriksi, hubaki na chaji hasi kwa kiasi cha milivolti 150 au zaidi. ATP hutengenezwa kwa tofauti hiyo. Tundu lolote la kudumu lenye upana wa nanomita 2 kwenye utando huo lingevujisha protoni, na mitokondria ingezimika. Kwa hiyo translokesi ya utando wa ndani, TIM23, haina tundu linalokaa wazi. Tim50 hupokea kitangulizi kinapochungulia kutoka Tom40 na kukielekeza kwa Tim23 na Tim17, ambazo hukipa njia nyembamba inayobana kila kinachopita.

Na nani anakivuta? Umeme wenyewe. Kitangulizi kina chaji chanya, matriksi ni hasi, kwa hiyo kinavutwa ndani. Ndiyo maana hatukukuta D wala E kwenye mfuatano ule. Walter Neupert na wenzake kule Ujerumani walionyesha mapema miaka ya 1980 kwamba ukiondoa tofauti hiyo ya chaji, uingizaji unasimama, hata kama ATP imejaa tele. Lakini umeme huvuta kitangulizi tu. Sehemu iliyobaki ya protini ina chaji za kila aina, na nyingine hazina chaji kabisa, kwa hiyo inahitaji nguvu nyingine. Kwenye mdomo wa ndani wa TIM23 husubiri Hsp70 ya mitokondria, ikiwa imeshikizwa pale na Tim44. Kila urefu mpya wa mnyororo unapojitokeza, Hsp70 moja huung'ang'ania na kuuzuia usirudi nyuma, kisha nyingine hushika mbele yake, kila moja ikitumia ATP. Protini ikishaingia vya kutosha, kimeng'enya cha MPP hukata kitangulizi na kukitupa. Kazi yake imekwisha, tena kingeachwa kingesumbua, kwa sababu msokoto wenye chaji na mafuta una tabia ya kujichomeka kwenye tando.

Umesema "protini ikishatengenezwa". Hapo weka tahadhari, kwa sababu protini iliyokwisha kujikunja ikapata umbo lake haipiti. Uzi hupita kwenye tundu la sindano, lakini ukiufunga kifundo haupiti. Protini hupitishwa ikiwa imenyooka, mnyororo mmoja, na Hsp70 na Hsp90 za saitosoli huisindikiza ili isijikunje njiani. Mwaka 1986 Martin Eilers na Schatz walilithibitisha hili kwa ujanja ambao bado naona ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi katika fani hii. Walichukua ileile DHFR yenye kitangulizi cha Cox4 wakaiongezea methotreksati. Dawa hiyo utaikuta hospitalini, hutumika kwa saratani na baridi yabisi, na hufanya kazi kwa kujibana ndani ya DHFR kwa nguvu sana. DHFR iliyobeba methotreksati haikunjuki. Matokeo yake ilikwama nje. Kitangulizi ni kilekile, umeme upo, ATP ipo, lakini kifundo hakipiti.

Kwa kuwa unasomea maabara, ngoja nikueleze jambo hili linavyopimwa, kwa sababu ndipo wanafunzi wanapodanganyika. Unatengeneza protini kwenye bomba la majaribio, kwa kawaida katika mchanganyiko uliotolewa kwenye chembe changa za damu za sungura, na unatumia methionini yenye salfa-35 ili protini hiyo pekee ing'ae kwenye filamu. Unaichanganya na mitokondria zilizotengwa, zenye ATP, unaziacha dakika chache kwenye joto la kiasi, kisha unapitisha sampuli kwenye jeli. Kabla ya kuingia utaona mstari mmoja, ule wa protini yenye kitangulizi. Baada ya kuingia utaona mstari wa pili chini yake kidogo. Kwa upande wa Cox4 tofauti ni kilodaltoni 3 hivi, yaani uzito wa zile asidi amino 25.

Mstari wa chini peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Unahitaji sampuli tatu zaidi. Katika ya kwanza unaongeza proteinezi K, kimeng'enya kinachokula protini lakini kisichoweza kupenya tando: kilichoingia kitapona, kilichoganda juu ya utando wa nje kitaliwa. Katika ya pili unaweka valinomisini kabla ya kuanza. Hiyo hupitisha potasiamu na kuua tofauti ya chaji, kwa hiyo mstari wa chini usionekane kabisa, na ukionekana ujue kuna MPP iliyovuja kutoka mitokondria zilizopasuka na inakata protini nje. Katika ya tatu unaweka sabuni ya Tritoni pamoja na proteinezi, ili tando zote ziyeyuke na kila kitu kiliwe. Wengi huiruka hii ya tatu kwa kuona haina kazi. Lakini DHFR ikijikunja vizuri hustahimili proteinezi hata ikiwa nje kabisa, hasa ikiwa na methotreksati. Bila sampuli ya Tritoni utaona mstari umepona, utaandika kwamba protini iliingia, na utakuwa umekosea.

Kabla sijarudi kwenye swali la kwanza, nigusie mambo mawili kwa haraka. La kwanza, si protini zote zenye kitangulizi. Zaidi ya nusu zinacho, lakini wabebaji wa utando wa ndani, kwa mfano ile protini inayobadilishana ADP na ATP, wana alama zilizotawanyika ndani ya mwili wao na hupitia translokesi nyingine, TIM22. La pili, seli yenyewe hutumia uingizaji huu kujua hali ya mitokondria. Protini iitwayo PINK1 ina kitangulizi, na mitokondria ikiwa nzima huanza kuingia, hukatwa, kisha huharibiwa, kwa hiyo huwezi kuiona. Chaji ikishuka, PINK1 haivutwi tena. Inarundikana kwenye TOM juu ya utando wa nje, inaita protini nyingine iitwayo Parkin, na mitokondria hiyo inawekewa alama ya kwenda kumeng'enywa. Watu waliorithi jeni mbovu za PINK1 au Parkin hupata ugonjwa wa Parkinson wakiwa bado na umri mdogo.

Sasa kwa nini kusumbuka. Mitokondria ilikuwa bakteria aliyeingia ndani ya seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja na nusu iliyopita, akiwa na jeni zake zote. Hakuna aliyeamua jeni zihamie kiinini. Zilihama kwa sababu njia ina mwelekeo mmoja. Mitokondria ziko nyingi, zinapasuka na kumeng'enywa kila siku, na vipande vya DNA yake humwagika kwenye saitosoli. Vingine huangukia kiinini na kujipachika kwenye kromosomu. Mwaka 1990 Peter Thorsness na Thomas Fox walilipima hili kwenye hamira wakapata kwamba DNA hutoroka kutoka mitokondria kwenda kiinini mara 2 hivi katika kila vizazi 100,000 vya seli. Safari ya kurudi, kutoka kiinini kwenda mitokondria, ilikuwa nadra kupita kiasi hicho kwa mbali sana. Palipo na mwendo wa upande mmoja na muda wa miaka bilioni moja na nusu, usishangae kukuta mizigo yote upande wa pili.

Utasoma pia kwamba jeni zikiwa kiinini hupata faida: hukutana na jeni za mzazi wa pili na kuchanganyika, makosa husahihishwa vizuri zaidi, na seli huzidhibiti pamoja na jeni nyingine. Hayo ni kweli, na yanasaidia kueleza kwa nini nakala ya kiinini ikishaanza kazi haipotei. Lakini kama sababu ya kwanza, mimi naona yanapewa uzito kuliko yanavyostahili. Mwendo wa upande mmoja unatosha kuanzisha jambo.

Kilichobaki ni kikwazo kimoja. Jeni ikishafika kiinini lazima ipate kitangulizi, vinginevyo protini yake itabaki saitosoli bila kazi. Hapo unaweza kudhani ni bahati ya nadra sana, lakini sivyo. Mwaka 1987 Alison Baker na Schatz walikatakata DNA ya bakteria *E. coli* ovyo wakaunganisha vipande hivyo mbele ya protini ya mitokondria iliyonyimwa kitangulizi. Karibu vipande 3 katika kila 100 viliweza kuiingiza. Ukikumbuka kwamba anwani yenyewe ni tabia tu, chaji chanya upande huu na mafuta upande ule, utaona kwa nini bahati inatosha.

Basi ingekuwa busara kuuliza kwa nini hizo 13 zimebaki. Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua liko kwenye kunde.

Katika mimea mingi, jeni ya Cox2, sehemu nyingine ya kimeng'enya kilekile cha mwisho cha upumuaji, iko kwenye mitokondria. Mwaka 1991 Jacqueline Nugent na Jeffrey Palmer walichunguza jamii ya mikunde wakakuta kitu cha ajabu. Katika jenasi *Vigna*, ambayo ndani yake zimo kunde na choroko, jeni hiyo haipo kabisa kwenye mitokondria. Ipo kiinini. Katika mikunde mingine mingi, soya ikiwemo, nakala zipo pande zote mbili, lakini hawakuona zikitumika zote mbili kwa pamoja. Soya hutumia ya kiinini, na ile ya mitokondria imenyamaza. Yaani tumeukuta uhamisho ukiwa katikati ya safari. Waliona hata mzigo ulivyosafirishwa. RNA za mitokondria ya mimea huhaririwa baada ya kunakiliwa, C kadhaa zikigeuzwa kuwa U, na nakala ya kiinini ilifanana na RNA iliyokwisha kuhaririwa, si na DNA ya mitokondria. Kwa hiyo kilichohama kilikuwa RNA, ikageuzwa kuwa DNA kabla ya kupachikwa.

Lakini Cox2 ni protini ngumu kuingiza. Hukatiza utando mara mbili, na vipande vinavyokatiza ni vya mafuta matupu. Fikiria inavyopita kwenye TIM23: kipande cha mafuta kikifika kwenye njia ile kinaweza kusimama palepale na kujilaza kwenye utando kabla hakijafika kinapotakiwa. Na huko saitosoli kuna hatari nyingine. Kipande kirefu cha mafuta kinachotokeza kwenye ribosomu ni alama inayosomwa na wapokezi wa retikulamu endoplazimu, kwa hiyo protini inaweza kupelekwa kwingine kabisa.

Mwaka 2002 Daniel Daley, Rachel Clifton na James Whelan, wakifanya kazi Australia, walijaribu hili kwa soya. Walichukua Cox2 inayoandikwa na mitokondria wakaipa kitangulizi kilekile ambacho Cox2 ya kiinini hukitumia bila taabu. Kitangulizi chenyewe ni kirefu ajabu, zaidi ya asidi amino 100. Haikuingia. Wakaondoa kile kipande cha kwanza kinachokatiza utando, na ikaingia. Halafu wakalinganisha nakala mbili na kuona kwamba kipande hicho, kwenye nakala ya kiinini, kimepungua sana tabia yake ya kukwepa maji. Wakabadilisha asidi amino mbili tu kwenye protini ya mitokondria ili zifanane na zile za kiinini. Protini ikaingia. Kisha wakafanya kinyume, wakaipa ya kiinini zile mbili za mitokondria, nayo ikakwama.

Asidi amino mbili! Hapo una picha kamili ya kunde. Jeni ilihamia kiinini, ikapata kitangulizi, na kipande chake cha mafuta kikapunguzwa makali kiasi cha kupita bila kuharibu kazi. Yote matatu yalipotimia, nakala ya mitokondria haikuwa na kazi tena, na katika *Vigna* ikatoweka. Hamira nayo imetoa jibu lilelile. Mwaka 2010 kundi la Peter Schultz lilionyesha kwamba Cox2 ya hamira inaweza kutumwa kutoka kiinini iwapo asidi amino moja ya kipande cha kwanza, triptofani ya nafasi ya 56, itageuzwa kuwa arginini. Wameweka chaji chanya katikati ya mafuta.

Kwa sisi wanyama kuna kufuli la pili. Mitokondria zetu husoma kodi tofauti kidogo: UGA, ambayo kwenye saitosoli humaanisha simama, ndani ya mitokondria humaanisha triptofani. Jeni ya mitokondria yetu ikiangukia kiinini leo, ribosomu za saitosoli zitasimama kwenye UGA ya kwanza na kutoa kipande kisicho na kazi. Mimea haina tatizo hilo, mitokondria zake husoma kodi ya kawaida, na ndiyo sababu mojawapo ya uhamisho kuendelea kwao wakati kwetu umesimama zamani.

Madaktari wanaojaribu kutibu upofu wa LHON wamekutana na makufuli yote mawili. Mara nyingi ugonjwa huo husababishwa na kosa kwenye nafasi ya 11778 ya DNA ya mitokondria, ndani ya jeni ya ND4. Wameandika upya ND4 kwa kodi ya saitosoli, wakaiwekea kitangulizi, na kuiingiza kwa kirusi kwenye seli za retina. Kufuli la kodi limefunguka. La mafuta ni gumu zaidi, kwa sababu ND4 hukatiza utando zaidi ya mara 10, si mara mbili kama Cox2. Katika majaribio makubwa walidunga jicho moja na kuacha la pili bila dawa, na macho yote mawili yakaonekana kupata nafuu. Kwa hiyo bado kuna ubishi ni kiasi gani cha nafuu hiyo kinatokana na ND4 iliyoingia kweli.

Ukitaka kuona ukomo wa uhamisho huu, angalia kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*. DNA ya mitokondria yake ina jozi za besi 6,000 hivi tu. Hata Cox2 imeondoka, tena jeni yake imegawanyika vipande viwili kiinini, kila kipande kikitengenezwa na kuingizwa peke yake. Zimebaki jeni tatu za protini: Cox1, Cox3 na saitokromu b, zote zenye vipande vingi vya kukatiza utando. Saitokromu b ndiyo inayoshambuliwa na dawa ya atovakwoni, kwa hiyo usugu wa kimelea dhidi ya dawa hiyo hutafutwa kwenye DNA ya mitokondria, si kwenye kromosomu zake za kiini.